Uzoefu wangu na mbolea ya unga ya 20-20-20 kwenye nyanya za ndoo: kijiko ndicho kinachounguza mizizi

Nimeitumia mbolea hii ya kuyeyusha kwenye maji kwa mboga za roshani, hasa nyanya zilizopandwa kwenye ndoo za lita 20. Kwa kifupi: ni mbolea nzuri kwa mmea unaojenga majani, ni dhaifu kwa mmea uliobeba matunda, na maelekezo ya kupima kwa kijiko yaliyoandikwa kwenye mfuko ndiyo chanzo cha uharibifu mwingi ambao watu huulaumu udongo.

Nianze na namba. 20-20-20 maana yake ni asilimia 20 ya naitrojeni, kisha fosforasi na potasiamu, nazo kila moja ikihesabiwa kama oksidi yake kwa asilimia 20. Kwa hiyo gramu 1 ya unga ndani ya lita 1 ya maji inatoa miligramu 200 za naitrojeni. Kwa mboga ya chomboni inayolishwa mara moja kwa wiki, kiasi hicho kinatosha. Sasa chukua kijiko cha chai. Kikiwa kimesawazishwa hubeba kati ya gramu 4 na 6, kutegemea unga ulivyo laini na unyevu ulioingia. Kikijazwa kilima, huongezeka sana. Anayetia kijiko kimoja kwa lita moja amemwagia mizizi dozi mara tano, na akirudia kila wiki chumvi hizo hazina pa kwenda, maana ndoo si shamba: mvua haizishushi chini, na mizizi haina pengine pa kukimbilia.

Mizani ya jikoni haisaidii sana kwa gramu 2, kwa sababu nyingi hukosea kwa gramu nzima kwenye uzito mdogo. Njia inayofanya kazi ni kutengeneza maji mazito kwanza. Pima gramu 100 za unga, yeyusha kwenye maji ya uvuguvugu kama mililita 700, kisha ongeza maji hadi yafike lita 1 kamili. Uvuguvugu una sababu: unga huu huwa na yurea, na yurea ikiyeyuka hupoza maji, hivyo kwenye maji baridi chembe hukawia kuyeyuka. Sasa kila mililita 10 za maji mazito zina gramu 1 ya mbolea, na bomba la sindano lisilo na sindano linakupa kipimo sahihi kila mara. Chupa iwe ya rangi nyeusi au ifunikwe, iandikwe jina kubwa, na iwekwe mbali na watoto.

Ratiba ninayoiamini kwa nyanya moja kwenye ndoo ya lita 20, yenye udongo uliochanganywa na mboji iliyoiva, ni hii. Wiki 2 za kwanza baada ya kupandikiza usitie chochote. Mche bado unajenga mizizi, mboji inautosha, na mizizi michanga ndiyo inayoungua upesi zaidi. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 6, tia lita 2 za maji yenye gramu 2 za mbolea, mara moja kwa wiki. Siku nyingine zote ni maji matupu. Udongo uwe na unyevu kabla ya kulisha. Ukiwa mkavu, mwagilia maji matupu kwanza, subiri kidogo, ndipo ulishe, kwa sababu mizizi iliyokauka ikikutana na chumvi hupoteza maji badala ya kuyanyonya.

Vishada vya kwanza vikianza kushika matunda, hapa ndipo mfuko huu unaponikatisha tamaa. Nyanya yenye matunda huhitaji potasiamu zaidi ya naitrojeni, kama mara moja na nusu hadi mbili, na 20-20-20 inatoa sawasawa. Ukiendelea nayo unapata kichaka cha kupendeza chenye maua machache. Fosforasi nayo ni nyingi kuliko mmea unavyohitaji. Ikirundikana kwenye udongo wa chombo inaufanya mmea ushindwe kuchukua vizuri madini ya chuma na zinki, na majani machanga yanaanza kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Mtu akiona njano hiyo anaongeza mbolea, na tatizo linazidi.

Kwa hiyo kuanzia wiki ya 7 mimi huhamia kwenye mbolea ambayo namba ya tatu ni kubwa, kwa mfano 15-5-30, gramu 3 kwenye lita 2 za maji, mara moja kwa wiki. Naongeza nitrati ya kalsiamu, gramu 2 kwenye lita 2, kila baada ya wiki 2, na siku yake iwe ya peke yake. Hesabu ya ratiba hii yote si ya kubahatisha. Nyanya hutumia karibu gramu 2.5 hadi 3 za naitrojeni kwa kila kilo ya matunda inayotoa. Wiki 4 za mwanzo za kulisha zimetoa gramu 1.6 kutoka kwenye 20-20-20; wiki 10 za matunda zinatoa gramu 4.5 kutoka kwenye 15-5-30 na nyingine 1.5 hivi kutoka kwenye nitrati ya kalsiamu. Jumla ni kama gramu 7.6, inayokaribia mahitaji ya kilo 3 za matunda, na mboji inafidia kilichopungua. Anayetegemea kilo 3 kisha akatia mbolea ya kilo 10 hapati kilo 10. Ukubwa wa ndoo na mwanga wa jua ndivyo vinavyoweka kikomo.

Kalsiamu haimo kwenye mifuko mingi ya 20-20-20, na kuna sababu ya kikemia. Ikichanganywa na fosfati kwenye maji mazito inashikana nayo na kuganda kuwa utando mweupe usioyeyuka. Usijaribu kuweka nitrati ya kalsiamu kwenye ile chupa ya maji mazito. Utaona ukungu mweupe, kisha tope chini, na vyote viwili vimeshapotea kwa mmea.

Hapo ndipo linapoingia suala la nyanya kuoza kitako, lile doa jeusi lililobonyea upande wa chini wa tunda. Wengi hukimbilia kutia kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu imo kwenye udongo ila haifiki kwenye tunda, kwa kuwa husafiri na maji yanayovutwa na majani, na tunda lenyewe linavuta maji kidogo sana. Ndoo ikikauka mchana na kufurika jioni, mkondo huo hukatika. Mbolea iliyozidi huongeza ubaya kwa njia mbili: chumvi nyingi huufanya mmea ushindwe kunyonya maji, na amonia pamoja na potasiamu nyingi hushindana na kalsiamu kuingia kwenye mizizi. Kabla ya kuongeza kitu, angalia umwagiliaji na kipimo chako.

Dalili za mbolea kuzidi hufika kwa mpangilio, na ya kwanza haiko kwenye majani. Ni ukoko mweupe juu ya udongo, kwenye ukingo wa ndoo na kuzunguka matundu ya chini. Halafu ncha na kingo za majani ya chini hukauka na kuwa kahawia, kama karatasi iliyopitiwa na moto. Naitrojeni ikizidi, majani huwa kijani kizito mno, hujikunja kuelekea chini kama kucha, shina hunenepa na vidukari huja kwa wingi. Dalili nzito kuliko zote ni mmea kunyauka asubuhi ilhali udongo umelowa. Ukiuona huo, usimwagilie mbolea, na usidhani una kiu.

Kuna dalili moja inayowadanganya hata wenye uzoefu. Upungufu wa potasiamu nao huunguza kingo za majani ya zamani. Namna ya kutofautisha: ukoko mweupe ukiwepo na umekuwa ukilisha kila wiki, ni chumvi. Ukoko usipokuwepo, mmea umebeba matunda mengi na mbolea imekuwa haba, fikiria potasiamu. Upungufu wa naitrojeni ni mwingine kabisa: jani zima la chini huwa njano kwa usawa, bila kuungua kingo.

Kipimo cha chumvi kinachoonyesha kwenye kioo EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme kwa chumvi iliyomo, kinasaidia. Mwagilia ndoo vizuri, subiri saa 1, kisha ongeza maji kidogo juu hadi yachuruzike chini kama mililita 100, upime hayo. Kwa nyanya, 2 hadi 3.5 mS/cm ni sawa. Ikivuka 5, acha kulisha. Maharage, karoti na vitunguu huumia mapema zaidi kuliko nyanya. Ila ujue kuwa kipimo hiki hakiioni yurea, kwa kuwa yurea haipitishi umeme. Maji ya 20-20-20 yakipimwa yakiwa mabichi yataonyesha namba ndogo kuliko naitrojeni iliyomo, na usiongeze mbolea kwa ajili hiyo.

Mmea ukishaungua, tiba ni kuosha udongo. Kwa ndoo ya lita 20, pitisha kama lita 40 za maji matupu, lakini kwa awamu: lita 5 polepole, subiri dakika 10 zichuruzike, kisha nyingine. Weka beseni chini ili maji yasishukie jirani wa ghorofa ya chini, na usiyarudishe kwenye ndoo. Sahani ya chini ya ndoo ndiyo mtego mkubwa, kwa sababu maji yenye chumvi yakibaki humo udongo huyanyonya tena. Baada ya hapo acha kulisha kwa wiki 2, kisha anza kwa nusu kipimo. Majani yaliyoungua hayaponi. Hukumu yako ifanye kwa majani mapya yanayotoka juu. Ili usifike huko, kila unapomwagilia acha karibu sehemu moja kati ya kumi ya maji itoke chini.

Kwa mboga za majani kwenye vyombo vya lita 10, ninaendelea na 20-20-20 mwanzo hadi mwisho, gramu 1 kwenye lita 1 kwa wiki, maana huko hakuna matunda ya kulisha. Hapo mfuko unastahili bei yake. Ila nunua ule mdogo. Nyanya moja inatumia gramu 8 tu za unga huu kabla ya kuhamia mbolea ya matunda, na mfuko wa kilo 1 ukifunguliwa huvuta unyevu na kugeuka mabonge. Mabonge hayo bado yanafaa, ila uzito wake sasa umechanganyika na maji, kwa hiyo ukipima gramu 100 unapata mbolea pungufu ya hiyo.