Fundi wa saruji: ufungue simu kwa kidole kingine au namba ya siri?

Saruji hula ngozi. Vijistari vya ncha ya kidole husagika, ngozi hukauka, na kitambuzi cha simu kinakosa cha kusoma.

Kidole cha pete cha mkono usioshika mwiko huchakaa kidogo. Kisajili mara mbili, kikiwa safi na kimelainishwa kwa mafuta kisha kikafutwa. Kufungua ni kugusa tu, ila wiki ya kupiga plasta nacho hugoma, itabidi ukisajili upya.

Namba ya tarakimu sita haijali sugu; shida yake ni jicho la jirani kwenye daladala. Na hata ukitumia kidole huikwepi: simu ikizimwa, ikiwashwa huidai kwanza. Anayepokea malipo kila saa atapenda kidole. Anayeshinda na saruji mbichi, namba.