Ukoko umeuza kuliko yai: wiki sita na programu ya kupanga oda kwa dakika za laivu

Nauza vyombo vya jikoni hapa Dodoma, stoo yangu iko Majengo, na kila Alhamisi saa 2:00 usiku naingia laivu kwa saa moja na robo. Nakaanga, namwaga, nagonga, naongea mpaka sauti inakauka. Nililipia programu hii ili nijue jambo moja tu: katika vituko vyote hivyo, ni kipi kinachomfanya mtu atoe hela?

Kazi yake ni rahisi kueleza. Inahifadhi video ya laivu, halafu kila oda inawekwa juu ya mstari wa dakika. Ukibonyeza oda, video inaruka mpaka pale ulipokuwa wakati oda inaingia.

Ripoti ya kwanza ilisema sijauza kitu. Kumbe oda zote zilisomeka kana kwamba ziliingia kabla sijawasha kamera, kwa sababu saa ya programu ilikuwa ya UTC na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Oda ya saa 2:20 usiku ilionekana kama 17:20. Niliingia kwenye mipangilio nikachagua `Africa/Dar_es_Salaam`, zikarudi mahali pake. Ukiona oda zimetangulia laivu, anzia hapo.

Kosa la pili lilinigharimu wiki nzima, maana halikuonekana kama kosa. Ripoti ilionyesha sufuria zisizogandisha zimeuzika sana kati ya dakika ya 30 na ya 35. Nikarudi kwenye video. Dakika hizo nilikuwa nasalimia watu kwa majina na kukunja maboksi! Alhamisi iliyofuata nikasalimia dakika kumi nzima, watu wa Ilazo, wa Kisasa, wa Nkuhungu, na hakuna aliyenunua kwa sababu ya salamu.

Shida ni kwamba programu ilikuwa inahesabu dakika ambayo malipo yameingia. Mteja wangu halipi papo hapo. Anaandika "nataka", anauliza saizi, anauliza bodaboda mpaka kwake ni shilingi ngapi, ndipo anatuma hela. Nilipopitia komenti moja moja, kutoka "nataka" hadi malipo ilikuwa kama dakika kumi hadi kumi na tano. Kuna sehemu ya kubadilisha oda ihesabiwe kuanzia komenti ya kwanza ya mteja. Imefichwa ndani sana, na kwa maoni yangu ingepaswa kuwa hivyo tangu mwanzo. Hata hapo acha dakika moja au mbili za nyongeza, kwa sababu picha inachelewa kidogo kuwafikia watu na kuandika nako kuna muda wake.

Baada ya kubadilisha, picha ikawa nyingine kabisa. Dakika ya 12 nilikaanga yai bila mafuta, nikapata oda mbili. Dakika ya 20 nilichukua sufuria iliyopikiwa ugali mchana, ukoko umekauka chini, nikausukuma kwa mwiko wa mbao ukatoka mzima kama chapati. Oda tisa. Nilitaka kulitupa yai siku ileile, lakini dada yangu anayeshika simu akaniuliza: dakika ya 12 walikuwepo wangapi? Walikuwa 40. Dakika ya 20 walikuwa 90. Kwa hiyo yai lilipata mmoja kati ya ishirini, na ukoko mmoja kati ya kumi. Bado ukoko umeshinda, ila si kwa tofauti ile ya mbili kwa tisa.

Wiki iliyofuata nikageuza: ukoko mwanzoni, yai baadaye. Ukoko ulipata oda nne kwa watazamaji 40, yai oda nne kwa watazamaji 85. Uwiano ni uleule karibu. Hapo ndipo nilipoamini, ingawa oda nne ni chache na wiki moja ya mvua inaweza kuzivuruga. Sasa ukoko nauonyesha mara mbili, na mara ya pili ni pale watu wamejaa.

Kinachoniudhi ni oda za simu na WhatsApp, ambazo programu haizioni kabisa. Njia yangu ni kulipatia kila onyesho neno lake: "andika UKOKO", "andika YAI". Mtu akituma ujumbe, neno linaniambia alichokiona. Lina kasoro, kwa sababu anayechelewa kuingia huandika neno analoona wenzake wanaandika, hivyo naliamini zaidi likija kwa ujumbe wa faragha. Wanaonunua kesho yake baada ya kuangalia marudio nawaweka kando.

Naipa nyota tatu na nusu. Alhamisi hii ni zamu ya chupa za chai: nitaijaza moja chai ya moto na kuilaza juu ya shuka jeupe, neno ni SHUKA.