Mfumo wa michango ya kila mwezi uliomgeuza mchangiaji wetu kuwa mdaiwa

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kwanza. Sisi ni taasisi ndogo hapa Mtwara mjini. Tunachangisha fedha za chakula cha mchana kwa wanafunzi wa sekondari wanaotembea umbali mrefu kwenda shule. Mwaka jana tulihamia kwenye mfumo mmoja wa kukusanya michango ya kila mwezi. Jina lao silitaji, ila taasisi nyingine za huku Kusini zikijua yaliyotukuta zitauliza maswali kabla ya kusaini.

Asubuhi moja alinipigia mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu ambaye hajawahi kukosa mwezi tangu tulipoanza. Sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Mwanangu," akasema, "mimi nadaiwa na nyie?" Sikumwelewa. Akanisomea ujumbe alioupata kwenye simu yake, neno kwa neno: "Malipo yako yameshindikana. Lipa ndani ya saa 48 kuepuka kusitishiwa huduma." Na juu yake jina la taasisi yetu!

Huduma gani? Mzee anatoa shilingi 10,000 zake kwa hiari ili mtoto wa mtu mwingine ale wali na maharage. Anapata huduma gani kwetu ya kusitishiwa? Ule ujumbe ni wa kumtishia mtu aliyechelewa kulipia king'amuzi. Waliuandika kwa ajili ya biashara nyingine, wakauacha ukae hivyo hivyo, na hatukuwa na mahali popote pa kuubadilisha. Nilimwomba radhi mzee mpaka nikaishiwa maneno.

Nikaanza kufuatilia kwa nini malipo yake yalishindikana, maana hela alikuwa nayo. Hapa lazima nieleze kidogo. Mchangiaji anayetumia kadi ya benki akishakubali mara moja, mfumo unaikata kadi yake kila mwezi bila yeye kufanya chochote. Kwa pesa za mtandao kwenye mfumo huu haiko hivyo. Kila mwezi mfumo unatuma ombi, linaruka kwenye kioo cha simu, na mchangiaji anaweka namba ya siri. Asipoweka kwa muda mfupi, ombi linakufa lenyewe. Kwa hiyo huo unaoitwa mchango wa kujirudia, kwa wachangiaji wetu wengi, ni ombi jipya kila mwezi, na kila mwezi mtu lazima awe macho na simu mkononi.

Sasa, ombi la mzee lilitumwa saa tisa usiku. Nilipofungua orodha nzima nikakuta maombi yote ya simu yanatoka saa hiyo hiyo. Mfumo umewekwa utume tarehe 1 mwezi unapoanza, saa 00:00 kwa UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Wakati kompyuta yao inaona siku imeanza, Mtwara nzima imelala. Likishindikana wanarudia usiku unaofuata, saa ile ile, kisha usiku wa tatu, kisha wanamfunga mchangiaji. Akitaka kuendelea inabidi ajisajili upya. Mtu amelala kitandani kwake siku tatu, amekwisha kufutwa.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alinisikiliza nusu, akanikatisha: "Dada, mfumo uko sawa. Wachangiaji wenu ndio hawana hela. Na angalia dashibodi, uhifadhi wenu wa wachangiaji ni asilimia 95, mnalalamika nini?" Nikamwambia hela iliyoingia benki haifanani na asilimia 95. Akaniambia nikasome mwongozo. Simu ikakatika. Sisemi aliikata, ila haikurudi.

Hiyo asilimia 95 ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa hiyo niifungue hapa ilivyo. Tulianza mwezi ule na wachangiaji 240, kila mmoja 10,000, yaani 2,400,000. Watu 12 walibonyeza wenyewe kitufe cha kujitoa. Wengine 48 malipo yao yalishindikana. Dashibodi inawahesabu wale 12 tu kama walioondoka. Ukitoa 12 kwenye 240 unabaki na 95 kwa mia, na wao wanaiandika kwa kijani kikubwa. Wale 48 wamehamishiwa kwenye kichupo kingine kabisa kinachoitwa "Waliositishwa", na hakiingii kwenye hesabu yoyote. Watu waliotoa kweli ni 180. Hiyo ni asilimia 75. Robo ya wachangiaji haipo, na kioo kinaniambia hongera.

Halafu kuna kinachofanya jambo hili lijifiche hata ukiangalia hela. Mwezi huo huo watu 20 kati ya wale 180 walipandisha mchango wao kutoka 10,000 hadi 20,000. Kwa hiyo zilizoingia ni 2,000,000, karibu asilimia 83 ya zile za mwanzo. Mhazini wetu akiona 83 anasema si mbaya sana. Lakini waliotubeba ni hao 20. Wasingepandisha, tungeona 75 waziwazi na tungeshtuka siku ile ile. Ndiyo maana sasa kwenye kikao naandika namba mbili kando kando, idadi ya watu waliotoa tena na kiasi cha hela kilichobaki kabla ya kuongeza waliopandisha, na waliopandisha wanakaa mstari wao peke yao. Biashara zinazouza huduma kwa mwezi huzitenganisha hivyo kwa sababu hii hii, na mfumo uliojengwa kwa kuiga biashara hizo ulipaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Hapa lazima niwe mkweli, kuna kitu kimoja walichokifanya vizuri. Unaweza kupakua faili lenye kila jaribio lililoshindikana na sababu yake. Nililifungua nikiwa nimenuna, nikakuta ni hazina. Kati ya wale 48, watu 30 walikuwa na neno `TIMEOUT`, yaani ombi lilifika na hakuna aliyelijibu. Watu 15 salio halikutosha. Kadi 3 muda wake ulikuwa umepita. Kwa maneno mengine, wengi hawakukataa kutoa wala hawakukosa hela. Walikuwa usingizini. Mifumo mingi inakupa neno moja tu, "imeshindikana", na hapo huna la kufanya, kwa sababu dawa ya kila sababu ni tofauti. Siku ile nilisema moyoni nitawapa nyota tatu.

Tukawafuata kwa mkono. Wale 30 tuliwatumia ombi jipya saa moja jioni, mtu akiwa nyumbani, baada ya ujumbe tulioandika wenyewe: "Shikamoo mzee" kwa aliyestahili shikamoo, "Habari za jioni dada" kwa dada, na sentensi moja kwamba ombi la mchango litafika baada ya dakika chache. Walitoa 24. Wale wa salio hatukuwagusa mpaka mishahara ilipotoka. Wengi wao ni walimu na wauguzi, na ukimwomba mtumishi tarehe 1 unamkuta ameshalipa kodi na duka. Tulipowaomba siku moja baada ya mshahara, walitoa 10. Wenye kadi tuliwaandikia waweke kadi mpya, wakaweka 2. Jumla 36. Ukiwaongeza kwenye 180 unapata 216, asilimia 90 ya wale 240. Kutoka 75 hadi 90 bila kutafuta mchangiaji mpya hata mmoja! Kazi hiyo ilikuwa ya mfumo, tumeulipia, na ilifanywa na mimi na binti mmoja wa kujitolea kwa simu zetu wenyewe.

Kati ya waliokosa salio, kadhaa ni wakulima wa korosho wa Tandahimba na Newala. Mmoja aliniambia bila kuficha: "Dada, mwezi wa sita unanidai mimi? Njoo mnada ukishafanyika." Na ana haki. Korosho zake zinaingia ghalani, zinanunuliwa kwenye minada inayoanza karibu Oktoba, na hela inamfikia kupitia AMCOS, chama chake cha ushirika, ndani ya miezi michache. Baada ya hapo ni kuvumilia hadi msimu mwingine. Mtu huyu anaweza kutoa 120,000 kwa mkupuo mwezi wa kumi na mbili bila kutetereka, lakini 10,000 kila mwezi inamshinda. Mfumo hauna "kila mwaka". Una "kila mwezi" tu. Tumemtoa kwenye orodha ya mwezi, na tutampima msimu kwa msimu: alitoa msimu uliopita, je, ametoa na huu? Ukimpima kila mwezi utamwandika amekuacha mara kumi na moja kwa mwaka, wakati yeye hajaenda popote.

Basi nilikuwa karibu kabisa kuwasamehe. Ndipo wakawasha, bila kutuuliza, ujumbe wa kuomba watu wapandishe mchango. Muuguzi mmoja wa Lindi, ambaye salio lake lilikuwa limekataa siku chache tu nyuma, akapokea: "Asante kwa mchango wako! Ongeza hadi 20,000 leo." Hajatoa, anashukuriwa. Hana 10,000, anaombwa 20,000. Aliniandikia maneno mawili tu: "Mnanicheka?" Sijui nani alidhani hiyo ni busara. Kuomba mtu apandishe kuna wakati wake. Sisi tunangoja atoe miezi kadhaa mfululizo bila kukwama, tena tumwambie kwanza hela yake imefanya nini shuleni. Na aliyekwama juzi haombwi kitu chochote mpaka atoe tena kwa amani. Sheria hiyo ni mstari mmoja kwenye mfumo wao: kama jaribio la mwisho limeshindikana, usitume.

Kwa hiyo zile nyota tatu nimezirudisha. Ni moja, na hiyo moja ni ya lile faili la sababu. Nimewaandikia barua ya vitu vitatu: tuchague saa ya kutuma, tuandike ujumbe wetu wenyewe, na waliositishwa waingie kwenye hesabu ya walioondoka. Wakivifanya kabla ya msimu wa korosho naweza kubadili mawazo, nasema kweli, maana kuhama nako ni gharama. Namba za simu za wachangiaji tunazo, hizo tunabeba siku yoyote. Kadi ndizo zinazonitia wasiwasi. Taarifa zake anazishika yule anayechakata malipo, sisi hatuzioni, na asipokubali kuzihamishia kwa mwenzake, kila ndugu yetu aliye nje ya nchi itabidi aanze upya kuingiza kadi, na wengine hawatarudi. Nimeuliza kwa maandishi kama watazihamisha. Bado hawajajibu.