Kabla hujatuma hela: picha za boksi na betri kwenye matangazo ya simu za mtumba

Watazamaji wangu, karibuni. Leo nachambua picha za tangazo. Hii hapa ni iPhone 13 ya mtumba, na muuzaji ameweka picha mbili: boksi lenye namba ya IMEI, ile inayotambulisha kila simu, na ukurasa wa afya ya betri unaosoma asilimia 100.

Tuanze na boksi. Sogezeni macho kwenye lebo. Karibu na namba kuna ile mistari myeusi ya msimbo pau, na ndani ya mistari hiyo imeandikwa namba ileile. Mtu anayechezea picha hufuta tarakimu moja au mbili, akasahau mistari. Kwa hiyo ifungue picha kwenye programu ya kuskani msimbo pau. Ikikupa namba tofauti na iliyoandikwa, achana na simu hiyo. Picha ikiwa na ukungu, mwambie muuzaji aitume WhatsApp kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na mistari hupotea.

Mistari isiposomeka kabisa, iko hesabu. Tarakimu ya 15 ya IMEI hutokana na zile 14 za mwanzo. Chukua mfano huu: 490154203237518. Ukianzia kushoto, kila tarakimu ya pili izidishe kwa mbili. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe. Halafu jumlisha zote 14. Unapata 52, na ili ifike 60 inahitajika 8, ndiyo ile ya mwisho. Sasa mtu akigeuza ile 5 iliyo karibu na mwisho kuwa 6, jumla inakuwa 53 na ya mwisho ingepaswa kuwa 7. Boksi bado linasema 8. Umemkamata.

Lakini akinakili namba nzima ya simu nyingine halali, hesabu itakubali. Hapo, kwa sisi wa Tanzania, tuma IMEI hiyo kwenda 15090. Ujumbe utakaorudi unataja aina ya simu. Ukitaja simu nyingine, boksi si la simu hiyo.

Betri je? Kuza picha, tazama tarakimu za 100 na alama ya asilimia: unene wake ufanane na maandishi ya jirani. Na hata picha ikiwa safi, Apple wanasema betri ya iPhone 13 imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa awali baada ya mizunguko 500 ya chaji. Simu iliyotumika miaka mitatu kila siku haibaki na 100 kwa betri yake ya kwanza. Kama betri ilibadilishwa, ukifungua Settings, General, About, utakuta Parts and Service History. Na wapo mafundi wenye mashine ya kuandika upya asilimia ndani ya betri yenyewe, kwa hiyo skrini halisi nayo inaweza kudanganya.

Mimi huomba video moja isiyokatwa: apige *#06# ili IMEI itokee, aweke boksi kando ya skrini, kisha aingie kwenye betri na About bila kuachia kamera. Akigoma, usitume hata ya kushikilia.