Kutoa nywele za afro kwenye picha kwa GIMP: uzoefu wangu na Foreground Select pamoja na Quick Mask

Zana ya kumtoa mtu kwenye picha naipima kwa nywele, si kwa mabega. Bega lolote unaweza kulikata hata kwa mkono. Afro ina ncha ndogondogo zinazopitisha mwanga, na katikati ya ncha hizo unaona kilichoko nyuma. Kwa kazi hiyo Foreground Select ya GIMP naipa alama nzuri, lakini kwa sharti kwamba haiachwi peke yake. Inachokianza, Quick Mask, yaani hali ya kurekebisha uteuzi kwa kuupaka kwa brashi, ndiyo inayokimaliza.

Chukua mfano huu: picha ya JPEG kutoka kwenye simu, dada mwenye afro na blauzi ya kitenge, nyuma yake ua wa michongoma. Kabla ya chochote, ikate picha kwa Crop, yaani Shift+C, ubakishe mtu na nafasi kidogo pembeni. Foreground Select inapiga hesabu nzito, na kila pikseli ya bure unayoiachia inakuongezea kusubiri.

Foreground Select iko kwenye menyu ya Tools, ndani ya Selection Tools. Kwanza unamzungushia mtu mstari. Mstari huo upite nje kabisa ya nywele, kwa sababu kila kilicho nje yake GIMP inakihesabu kuwa ni nyuma, na ncha ya nywele uliyoiacha huko hairudi mpaka uirejeshe mwenyewe kwa Draw unknown. Ukibonyeza Enter, nje panakuwa bluu nzito na ndani bluu hafifu. Bluu hafifu maana yake ni "sijui bado".

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hasa waliojifunza kwa maelezo ya toleo la 2.8. Zamani ulikuwa unachora mistari miwili mitatu juu ya mtu na programu inakisia mengine. Kuanzia 2.10 hesabu imebadilika: unatakiwa kuipa uhakika mwingi na kuiachia shaka ndogo. Kwa hiyo weka Draw foreground, ongeza Stroke width, kisha paka uso wote, shingo, blauzi yote na sehemu nzito ya nywele. Bluu hafifu ibaki utepe mwembamba tu, pale nywele zinapoanza kuonyesha majani. Kama mkono umeshikwa kiunoni na kuna tundu, lipake kwa Draw background. Ukichora mistari michache ya kivivu, blauzi itatoka na mabaka, kwa sababu kijani cha kitenge kinafanana na kijani cha ua na zana haina namna ya kujua kipi ni kipi.

Wakati wote huo usibadili zana. Kukuza picha tumia Ctrl na gurudumu la mausi, kuisogeza shikilia spacebar. Ukichukua zana nyingine kabla hujamaliza, usitegemee kuendelea ulipoishia.

Kwenye Engine kuna Matting Global na Matting Levin. Levin kwa macho yangu inatoa ncha laini zaidi, ila kwenye picha kubwa inachelewa sana. Pia baadhi ya vifurushi vya GIMP havina Levin, kwa hiyo usipoiona kwenye orodha kompyuta yako haina ubovu. Weka tiki kwenye Preview mask, na Preview Mode iwe Grayscale. Mtu ataonekana mweupe, nyuma nyeusi, na ncha za nywele kijivu. Kijivu cha ncha ndicho unachokitaka. Kijivu kilichotapakaa nje ya nywele kama vumbi ndicho kasoro kuu ya zana hii, na usihangaike nacho hapo. Bonyeza Select.

Sasa bonyeza Shift+Q. Kila ambacho hakijachaguliwa kinafunikwa na wekundu. Kama kitenge ni chekundu hutaona kitu, basi bofya kulia kitufe kidogo kilicho pembe ya chini kushoto ya picha, chagua Configure Color and Opacity, ubadilishe rangi iwe ile ambayo haipo kwenye picha. Bonyeza D ili rangi zirudi kuwa nyeusi na nyeupe tupu. Hatua hii usiiruke: kahawia iliyobaki kwenye brashi hugeuka kijivu ndani ya Quick Mask, nawe unapata bega nusu uwazi ambalo huligundui mpaka umeshaweka picha kwenye bango.

Nyeupe inaongeza, nyeusi inaondoa, X inabadilishana. Mabaka ndani ya blauzi yajaze kwa nyeupe na brashi ya Hardness 100, kwenye ukingo wa bega shuka hadi Hardness 075. Kwenye ncha za nywele usiguse kwa brashi hata kidogo, utazifanya kofia. Dawa ya nywele ni Colors kisha Levels, ukiwa bado ndani ya Quick Mask. Kwa JPEG ya kawaida mimi huanza kwa kusogeza cheusi cha Input hadi kama 30 na cheupe hadi kama 225. Vumbi lote lililokuwa chini ya 30 linakuwa nyeusi kamili na kutoweka, vijitundu hafifu vya ndani vinaziba, na kijivu cha ncha kinabaki. Ukizidisha cheusi, ncha zinaanza kukatika na afro inaonekana imenyolewa. Hapo rudi nyuma.

Shift+Q tena, uteuzi unarudi kuwa mistari inayotembea. Usibonyeze Delete. Nenda Layer, Mask, Add Layer Mask, chagua Selection. Maski inaficha bila kufuta, na kesho unaweza kuipaka upya.

Chini ya leya hiyo weka leya ya rangi moja, nyeupe kwanza, halafu nyingine nyeusi. Kwenye nyeupe ndipo utaona ncha zina ukijani wa michongoma. Hilo si kosa la maski, kwa sababu ncha nyembamba ilipigwa picha ikiwa imechanganyika na rangi ya nyuma. Bofya kijipicha cha leya, si cha maski, chukua brashi laini, shika Ctrl ubofye nywele nzito ili uchukue rangi yake, weka Mode ya brashi iwe Darken only, kisha pita ukingoni. Inagusa tu kilicho angavu kuliko nywele, na kijani kinazama. Angalia usipite kwenye paji la uso.

Hifadhi XCF kwa kazi yenyewe, kisha Export As kwa PNG. JPEG haibebi uwazi kabisa, kwa hiyo ukiipeleka huko mandhari yatajazwa rangi moja.

Mahali ninapoipunguzia alama ni picha iliyopigwa ndani, nywele nyeusi mbele ya ukuta wa giza. Hapo zana haina tofauti ya rangi ya kushika, Levels haisaidii, na kilichobaki ni kuchora ukingo kwa mkono ndani ya Quick Mask. Kama mpigwa picha bado yupo, msogeze mbele ya ukuta mweupe.