HandBrake na video ya dagaa: ziwa ndilo lililonila MB zangu

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, kwaya, na mara mojamoja mafunzo ya vikundi. Mwezi uliopita kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa kule Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, waliniita niwarekodie somo la kuanika juu ya chanja badala ya kumwaga dagaa mchangani. Nilirekodi kwa simu, nikahariri, kazi ikaisha: dakika 6 na sekunde 40, picha ya 1080p, faili la MB 850 hivi. Katibu wao akaniambia, "Mwanangu, sisi tunataka ya WhatsApp. Ya kumpelekea na ndugu yetu aliyeko Ukerewe."

Jaribio la kwanza nililituma moja kwa moja kutoka kwenye simu, kama video ya kawaida. WhatsApp ikaisaga yenyewe, na ilipofika, namba za kwenye mizani zilikuwa ukungu mtupu. Hapo ndipo nikafungua HandBrake kwenye laptopu. Ni programu ya bure ya kubana video, inapatikana handbrake.fr. Kama Windows yako haina kile kipande cha .NET inachokihitaji, itakudai ukishushe kwanza, kwa hiyo andaa bando.

Nikachagua mpangilio wake wa kawaida, `Fast 1080p30`, nikabonyeza `Start Encode`. Ikatoka MB 240, safi kama maji ya kisima. Nikaituma kama `Document`, kwa sababu tangu 2022 WhatsApp inaruhusu faili la hadi GB 2 kwa njia hiyo na haiigusi. Ilifika salama. Siku tatu baadaye nikauliza nani ameiangalia. Hakuna. Nani atachoma MB 240 za bando kuangalia dagaa anaowaona kila asubuhi?

Ndiyo maana nikaamua kushuka hadi chini ya MB 16, kikomo ambacho WhatsApp ilikitumia kwa miaka mingi kwa video. Ni ukubwa ambao hata mwenye bando la siku haogopi kuufungua.

Lalamiko langu la kwanza kwa HandBrake ni hili: hakuna mahali pa kuandika "nataka MB 15". Matoleo ya zamani yalikuwa na sehemu hiyo, wakaiondoa. Ule mpangilio wa kawaida unalenga ubora, yaani namba ya RF. Unaiambia picha iwe nzuri kiasi gani, ukubwa wa faili unajitokea wenyewe. Kwa anayetunza kumbukumbu ni sawa. Kwetu tunaobanwa na ukubwa, lazima uhamie kwenye `Avg Bitrate (kbps)` na upige hesabu mwenyewe kwa mkono.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Unachukua MB unazotaka, unazidisha kwa 8,000 kupata kilobiti, kisha unagawa kwa sekunde za video. Mimi nililenga 15 badala ya 16 ili nibaki na nafasi. 15 mara 8,000 ni 120,000. Video yangu ilikuwa sekunde 400, kwa hiyo kila sekunde inapata kilobiti 300. Hizo ni za picha na sauti pamoja. Kwenye kichupo cha `Audio` nikaweka AAC, kilobiti 64, na `Mixdown` nikaibadilisha kuwa `Mono`, maana ni mama mmoja anaongea, hakuna muziki wa kupendezesha masikio. Zikabaki 236 za picha. Nikaandika 230.

Chini yake nikaweka tiki kwenye `Multi-Pass Encoding`. Kwenye matoleo ya nyuma imeandikwa `2-Pass`. Usiiruke. Programu inaipitia video nzima kwanza kutafuta sehemu ngumu na rahisi, halafu inarudi mara ya pili kugawa biti kulingana na ilichokiona. Muda wa kusubiri unaongezeka, lakini bila hiyo inagawa kwa kubahatisha.

Ikatoka MB 14 na kitu. Nikafurahi hadi nilipoifungua. Picha nilikuwa nimeishusha hadi 720p tu, na kwa kilobiti 230 ilikuwa viraka vitupu. Mikono ya mama inayogeuza dagaa ilionekana kama imefungwa vigae.

Hapo wengi huilaumu programu. Mimi nikakaa nikaiangalia taratibu, nikagundua kitu ambacho kwenye harusi za ukumbini sijawahi kukutana nacho. Viraka havikulingana. Pale mama anapopima chumvi mezani, nyuma yake ukuta wa banda, picha ilikuwa inavumilika. Pale anaposimama kwenye chanja, nyuma yake ziwa, kila kitu kiliharibika, hadi uso wake.

Sababu ni namna H.264, mfumo wa kubana video nilioutumia, inavyobana. Haihifadhi kila fremu upya. Inahifadhi kilichobadilika tangu fremu iliyotangulia. Ukuta haubadiliki, kwa hiyo unakaribia kuwa bure. Maji ya ziwa asubuhi, jua likiyapiga, yanabadilika kila nukta kila fremu, na hakuna wimbi linalofanana na lililopita. Biti zote zinakimbilia huko nyuma kuchora mametameta ambayo hakuna anayeyaangalia, na mkono uliobeba somo unabaki na makombo.

Basi nikaanza kulipunguza ziwa. Kwenye kichupo cha `Dimensions` kuna `Cropping`. Nikaweka `Custom`, nikakata nukta 216 kutoka juu. Picha ya 1920 kwa 1080 ikawa 1920 kwa 864, na sehemu kubwa ya maji ikaondoka bila kugusa kichwa cha mtu (nilihakikisha kwenye `Preview`, nikikagua sehemu kadhaa za video, siyo moja). Halafu nikashusha ukubwa hadi 640 kwa 288. Kwenye skrini ya simu tofauti yake na 720p ni ndogo kuliko unavyodhani, na biti zilezile sasa zinagawanywa kwa nukta chache zaidi. Fremu nikazitoa 30 hadi 20 kwa sekunde. Nilijaribu 15 nikaona mikono inarukaruka.

Mwisho nikaisogeza `Encoder Preset` hadi `Slow`. Hii haiongezi ukubwa wa faili, inaipa programu muda zaidi wa kufikiri ili itumie biti hizohizo vizuri. Laptopu yangu ikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga.

Ikawa bora, ila bado haijatulia. Mwizi wa mwisho alikuwa mimi mwenyewe. Video inaanza kwa sekunde 40 za kuzungusha simu taratibu kuonyesha ziwa, mitumbwi inarudi kutoka uvuvi wa usiku, ndege juu yake. Naipenda sana picha ile. Lakini ni maji matupu yanayotembea, tena kamera nayo inatembea. Na kwa kuwa njia ile ya kupitia mara mbili inazipa sehemu ngumu biti nyingi, zile sekunde 40 zilikuwa zinanyang'anya somo lote lililofuata.

HandBrake si programu ya kuhariri, haiwezi kuunganisha vipande, lakini kukata mwanzo au mwisho inaweza. Juu kwenye `Range` nikabadilisha kutoka `Chapters` kwenda `Seconds`, nikaanzia 00:00:40. Sasa nina sekunde 360. 120,000 gawa kwa 360 ni 333, toa 64 za sauti, zinabaki 269. Nikaandika 260. Ongezeko la kilobiti 30 linaonekana dogo, lakini maji yaliyokuwa yakizinyonya nayo hayapo tena.

Faili lilitoka MB 14 kasoro. Namba za mizani zinasomeka, mikono inaeleweka, sauti iko wazi. Dagaa wenyewe ukiwaangalia kwa karibu ni uji kidogo, sitadanganya.

Angalizo moja kuhusu `Preview`. Ina kitufe cha kurenda kipande kifupi ili uone ubora kabla ya kazi nzima. Kwa njia ya RF inasaidia sana. Kwa njia ya biti za wastani inadanganya, kwa sababu kile kipande kinapewa mgao wake chenyewe bila kugombania na sehemu nyingine. Mimi ilinionyesha chanja safi kabisa, nikaja kupata viraka kwenye faili lenyewe.

Jingine ni umeme. Betri yangu imechoka, na umeme ulikatika nikiwa asilimia 80 na kitu. Faili lilibaki kwenye folda, lina MB zake, lakini halifunguki kwa programu yoyote. MP4 huandika orodha yake ya ndani mwishoni kabisa, kazi isipofika mwisho ulichonacho ni mzigo usio na funguo. Usihangaike kuitengeneza. Futa, anza upya.

Kuhusu H.265, mfumo mpya zaidi ya H.264, ndiyo, ingenipa picha nzuri zaidi kwa ukubwa uleule. Sikuigusa. Simu za bei nafuu na za zamani nyingi hazichezi, na katibu hawezi kujua nani kwenye kundi ana simu gani. H.264 inafunguka kila mahali.

Kutuma nako kuna jambo lake. Hata faili la MB 14, ukilipitisha kwenye sehemu ya video, WhatsApp inaweza kulisaga tena, na kazi yako yote ya kugawa biti ikaenda na maji. Nililituma kama `Document`, likafika vilevile lilivyotoka. Jioni hiyohiyo kundi lilijaa sauti za watu wakiulizana kipimo cha chumvi, na katibu akasema limeshavuka hadi Ukerewe.

Ile picha ya ziwa sikuweza kuitupa. Nikairenda peke yake, sekunde 40 kwa MB 15 zilezile, ambazo ni kilobiti 3,000 kwa kila sekunde, nusu na robo dakika kasoro kidogo ikila sawa na somo zima. Imetoka nzuri ajabu, kila wimbi liko mahali pake. Nikaituma kwenye kundi. Mama mmoja akajibu, "Asante mwanangu, ila hapa si ni Igombe tu?"