Uzoefu wangu: Mombasa hadi Islii kwa basi, treni na ndege

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Bombolulu, na kila baada ya miezi miwili au mitatu huenda Nairobi kununua vitambaa Islii. Kwa muda mrefu nilichagua usafiri kwa kutazama nauli tu. Basi la usiku nimekuwa nikilipa 1,400. Treni ya SGR, daraja la kawaida, ni 1,500 tangu ilipopandishwa kutoka 1,000 mwanzoni mwa 2024. Ukitazama hapo utasema treni na basi ni kitu kimoja, tofauti ni shilingi mia. Sivyo hata kidogo, na nimelijua hilo baada ya kuandika kila shilingi kwenye daftari langu la vipimo, ukurasa wa nyuma.

Nianze na basi. Kutoka nyumbani hadi Mwembe Tayari ni matatu ya 50. Basi hutoka saa tatu usiku, na likifika Mtito Andei watu wote hushuka. Hata kama nimekula nyumbani, ile saa ya usiku na baridi ile hunilazimisha kununua chai na chapati na kipande cha kuku, 350. Nairobi basi hunishusha katikati ya mji, matatu ya Islii 50. Jumla kwenda 1,850, na kurudi vilevile, kwa hiyo 3,700.

Chakula nimekihesabu kwa kanuni moja: naandika kile tu ambacho nisingekila kama ningebaki nyumbani. Chakula cha mchana cha Islii hakimo, kwa sababu hata Bombolulu ningekula mchana. Kuku wa Mtito yumo.

Sasa treni ya usiku, ile ya saa nne. Stesheni iko Miritini, si mjini, na inabidi ufike mapema, maana mizigo hupangwa chini kwa mstari mbwa wainuse, kisha hupita kwenye mashine, na wewe unapekuliwa. Mimi hulenga niwe pale saa tatu. Kwa saa hiyo na begi, nachukua tuktuk kutoka Bombolulu, 700. Treni inafika Syokimau kama saa tisa na nusu usiku. Hapo ndipo pesa inapotoka: teksi hadi kwa mama mdogo Islii nililipa 1,400, karibu sawa na nauli yenyewe. Kurudi, jioni, natumia matatu mbili hadi stesheni, 150, lakini nikishuka Miritini alfajiri tuktuk wa kunifikisha nyumbani anataka 900. Chakula nakula nyumbani kabla ya kutoka, kwa hiyo hapo sina cha kuandika. Nikijumlisha safari nzima napata 6,150. Nauli ndani yake ni 3,000 tu. Zaidi ya nusu ni barabara ya kuifikia na kuiacha treni.

Kwa hesabu hiyo basi lina nafuu ya 2,450. Ningeishia hapo kama si ile safari ya Machi.

Tulikwama Mlolongo nyuma ya malori, nikafika Islii nimechelewa, nikazunguka kutwa, usiku nikapanda basi jingine. Nikafika Bombolulu asubuhi macho yameiva. Nikalala kidogo, nikafungua kibanda saa saba badala ya saa tatu. Mteja alikuwa ameleta kitenge cha arusi ya dada yake, rangi ya zambarau yenye maua. Nikakikunja, nikaweka chaki, nikakata mikono. Nilipovifunua vipande viwili nikaona maua ya mkono mmoja yanatazama chini. Kitambaa kilikuwa hakitoshi kukata tena. Nilimlipa 900 akanunue kingine, na lile jina zuri alilokuwa akinipa kwa majirani sijui kama amelirudisha.

Ndipo nikaanza kuweka bei ya saa zangu. Siku ya kawaida, nikiondoa uzi, zipu, stima na kodi, hubaki na kama 1,600 kwa saa nane za kazi. Kwa hiyo saa moja yangu ni 200. Lakini si kila saa ya safari ina bei hiyo. Saa za usiku nisingeshona. Siku ya kuzunguka Islii naipoteza kwa usafiri wowote, kwa hiyo haitofautishi chochote, na sikuiandika. Vivyo hivyo robota la vitambaa: kila mara nalituma kama kifurushi kwa basi, hata mimi nikiwa juu ya treni. Saa zinazohesabiwa ni zile za kesho yake tu. Nikirudi kwa basi, kwangu mimi saa nne za kazi hupotea. Nikirudi kwa treni nafika nyumbani kabla ya kumi na moja alfajiri, nalala, na saa tatu kibanda kiko wazi.

Na kile kitenge? Nimekwenda kwa basi mara nne na kuharibu mara moja, kwa hiyo nimegawa 900 kwa nne, nikaongeza 225 kwenye kila safari ya basi. Sasa basi ni 3,925.

Hesabu ya mwisho ni ya kugawa: treni inanizidishia 2,225, inaniokolea saa nne, ina maana nauziwa saa hizo kwa zaidi ya 550 kila moja. Saa yangu ni 200. Nikiwa peke yangu basi ndilo langu, kwa uchovu wake wote.

Ila mwezi wa Agosti nilikwenda na mdogo wangu, na mambo yakageuka. Nauli kila mtu analipa yake, lakini tuktuk na teksi hazina bei ya kichwa. Zile 3,000 za tuktuk mbili na teksi tuligawana, treni ikashuka hadi 4,650 kila mmoja. Tofauti na basi 725, kila saa 181. Tayari iko chini ya 200. Tukiwa watatu inakuwa 4,150, na saa ni 56 tu. Nilimwonyesha mama mdogo daftari, akasema, "Kwa hiyo mwanangu, unapokuja peke yako usiniamshe saa kumi usiku." Nikamwambia ndiyo, peke yangu nitakuja na basi.

Ndege niliijaribu mara moja. Nauli kwenda na kurudi 12,400 na begi la mkononi tu, na tuktuk za uwanjani, teksi na matatu za Nairobi zikafikisha 15,350. Nilitoka na kurudi siku hiyo hiyo, nikalala kitandani kwangu. Lakini saa nne zile zile nilizinunua kwa zaidi ya 2,800 moja. Mtu ambaye saa yake ni 3,000, kwake ni rahisi. Kwangu hapana.

Hesabu yangu inamtegemea tuktuk wa alfajiri. Akitaka 1,300 badala ya 900, safari ya wawili inarudi kwa basi: 925 kwa saa nne ni 231. Kwa hiyo siku hizi, kabla sijakata tiketi, nampigia kwanza yule kijana wa tuktuk wa Bombolulu, tunakubaliana bei ya kunipokea Miritini, ndipo nalipia treni.